Sirosisi: chumvi, pombe na dalili za hatari

Swali: Mgonjwa wa Bunia aliyegunduliwa kuwa na sirosisi, tumbo likiwa limeanza kujaa maji, ale nini, na arudi hospitali lini?

Jibu: Ini lenye makovu huufanya mwili ushikilie chumvi, na chumvi huvuta maji tumboni. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Makayabu na vidonge vya magi hukimaliza kiasi hicho upesi.

Samaki wasiotiwa chumvi wa Ziwa Albert, maharagwe na mayai aendelee kula. Kumnyima protini ni kosa, maana misuli yake inaisha. Kabla ya kulala apate uji, kwa kuwa ini halina akiba ya kumfikisha asubuhi.

Lotoko na bia viachwe kabisa. Aliyezoea kunywa kila siku aache akiangaliwa na daktari, kwani degedege linaweza kumpata. Ibuprofeni na diklofenaki pia asizimeze: huumiza figo.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, homa yenye maumivu ya tumbo, au akianza kulala mchana, kukesha usiku na kuchanganya majina ya watoto wake, apelekwe hospitali saa ileile.