Jani na Udongo: Namna ya Kuitambua Njaa Iliyofichika ya Migomba

Mgomba waweza kuwa na majani ya kijani huku mkungu wake ukipungua chane mwaka hadi mwaka. Hali hiyo huitwa njaa iliyofichika: kirutubisho kimepungua kiasi cha kudhoofisha mavuno, lakini dalili hazijaonekana kwenye majani. Somo hili linamhusu mkulima wa Mpepai anayetaka kujua chanzo chake kabla ya kununua mbolea.

Kipimo cha udongo hueleza kilichomo ghalani. Kipimo cha jani hueleza kilichomfikia mlaji. Ndiyo maana vipimo hivi viwili husomwa pamoja.

Sampuli huchukuliwa kabla ya kuweka mbolea. Chagua migomba kati ya 10 na 20 ya aina moja, ambayo ndiyo kwanza imetoa mkungu. Katika kila mgomba, hesabu jani la tatu kutoka juu lililokunjuka kikamilifu, kisha kata ukanda wa upana wa kiganja katikati ya urefu wake, pande zote mbili, bila kuchukua uti wa jani. Weka vipande katika bahasha ya karatasi, kwani katika mfuko wa plastiki huoza. Chini ya migomba hiyohiyo chimba udongo hadi sentimita 30, uchanganye katika ndoo safi, na uepuke mahali palipomwagwa majivu. Maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupima udongo na mimea.

Tuchukue mfano wa shamba lenye migomba kati ya mibuni. Jani limeonyesha potasiamu asilimia 2.2, ilhali kiwango kinachotakiwa ni takriban asilimia 3. Ikiwa udongo nao una potasiamu kidogo, ghala ni tupu. Kila mkungu uliouzwa umeondoka na potasiamu nyingi, hivyo tiba ni mbolea ya potasiamu, pamoja na kurudisha shambani maganda, mashina yaliyokatwa na majivu ya jikoni.

Lakini ikiwa udongo una potasiamu ya kutosha, kuongeza mbolea ni kupoteza fedha. Fukua mizizi: mizizi myeusi iliyooza huashiria minyoo ya mizizi au maji yaliyotuama, na matundu katika tunguu ni kazi ya bungua. Tazama pia magnesiamu, kwa kuwa ikizidi sana udongoni huzuia mizizi kufyonza potasiamu. Kinyume chake pia hutokea: majivu yakiwekwa kwa wingi kila mwaka, potasiamu huizuia magnesiamu.

Tahadhari moja yabaki. Mgomba uliodumaa kwa kukosa maji au naitrojeni waweza kuonyesha potasiamu ya kutosha katika jani, kwa sababu kidogo ilicho nacho kimekusanyika katika majani machache na madogo. Kwa hiyo peleka maabara pia maelezo ya unene wa shina na idadi ya chane, ili majibu yasomwe kwa kulinganishwa na hali halisi ya shamba.