Dondoo muhimu: Awamu si kundi la michakato

Chukua mradi wa kisima kirefu cha kijiji. Awamu zake ni upimaji wa maji ardhini, uchimbaji, ufungaji wa pampu, kisha makabidhiano. Makundi ya michakato katika toleo la sita la mwongozo wa PMBOK ni matano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, na kufunga.

Wanafunzi wengi huyapanga matano hayo kama awamu, kwa sababu vitabu huyachora kwa mstari mmoja na miradi midogo mara nyingi ina awamu moja tu. Kiswahili nacho huongeza mtego: kufunga pampu ni kazi ya fundi, kufunga awamu ni kazi ya meneja.

Ndani ya uchimbaji pekee, makundi yote matano hupita: kibali cha kuanza, ratiba ya mtambo, uchimbaji wenyewe, kulinganisha kina kilichofikiwa na kilichopangwa, na kusaini kwamba kisima kimekubaliwa. Awamu ya pampu ikianza, mzunguko hurudi upya.

Kwenye mtihani jiulize: jina hili linabadilika nikihama kutoka kisima kwenda programu ya kompyuta? Likibadilika, ni awamu. “Kupanga” hubaki kupanga.