Mkwe Ameondoka na Wajukuu: Je, Bibi Anaweza Kwenda Mahakamani?

Mwanangu amefariki na mkwe kahama na watoto. Nina haki ya kuwaona?

Unaweza kuomba. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania kinairuhusu mahakama, inapotoa amri ya malezi, kuagiza mtoto awatembelee ndugu wa mzazi aliyefariki au aliyenyimwa malezi, au ndugu hao wapewe nafasi ya kumwona. Inaruhusiwa tu, hailazimishwi.

Kwa nini maombi mengine hukwama?

Mara nyingi ni kwa kuomba kisichoombeka. Tuseme bibi yuko Moshi, mkwe wake yuko Mwanza na watoto wawili, mmoja wa miaka 5, mwingine 11. Bibi anaandika: "Naomba nirudishiwe watoto wa ukoo wetu, mahari tulilipa." Hapo ameomba malezi, na malezi hupewa ndugu pale tu panapokuwa na sababu za kipekee za kutomwachia mzazi. Tena kwa mtoto wa chini ya miaka 7, sheria huanza na dhana kwamba ni vyema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mila hutazamwa, lakini nyuma ya ustawi wa mtoto.

Angeandika hivi: wajukuu waje wiki mbili likizo ya Desemba, tuzungumze kwa simu kila Jumapili jioni, nauli nitalipa mimi. Hakimu ana kitu cha kukubali, na mama hana cha kuogopa.

Hakimu atatazama nini?

Uhusiano uliokuwapo. Bibi aliyempeleka mjukuu kliniki, au aliyekaa naye wazazi wakiwa kazini, aseme hivyo kwa tarehe na mashahidi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kutumwa kufika nyumbani na kuandika ripoti. Ataona mtoto atalala wapi na nani wengine wamo. Yule wa miaka 11 huenda akaulizwa anataka nini. Ugomvi wa mirathi usiuchanganye humo: ukidai nyumba na wajukuu kwa pumzi moja, utaonekana umefuata nyumba.

Mwanangu yu hai, ila wameachana.

Njia nyepesi ni kuwaona katika siku alizopewa yeye. Akiwa mbali au hajali, omba mahakama iliyotoa amri ya malezi iirekebishe ikutaje. Kama uliwahi kumlea mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakupa mlango kupitia Mahakama ya Watoto.

Nimepata amri, mama bado anakataa.

Andika kila siku uliyokwenda ukarudishwa, kisha rudi mahakamani na nakala ya amri. Usimngojee mtoto kwenye geti la shule ukaondoka naye: kumchukua kinyume cha sheria kwa mwenye malezi halali ni kosa, hata kama ni mjukuu wako.