Dondoo muhimu: Kupunguza mwangwi unaporekodi nyumbani Nyabugogo

- Pima chumba. Piga makofi mara moja. Ukisikia mlio unaovuma baadaye, kuta tupu na sakafu ya saruji zinarudisha sauti.

- Sogea karibu. Weka maikrofoni sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, upande kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge. Ukikaa mbali, mwangwi huifunika sauti yako.

- Tundika blanketi zito nyuma yako, kwani huko ndiko maikrofoni inakoelekea. Liache sentimita 10 kutoka ukutani. Hunyonya mwangwi vizuri zaidi kuliko likigusa ukuta. Sakafuni tandika zulia.

- Kelele za nje ni jambo jingine. Blanketi halizuii honi za mabasi ya stendi ya Nyabugogo. Funga dirisha, uligeuzie kisogo cha maikrofoni, kisha rekodi usiku magari yakipungua.