SOMO: KUFUNGA MAFAILI YA CHAMA KABLA YA KUYATUMA KWA BARUA PEPE

Somo letu la leo ni la makatibu wa matawi na wote wanaopeleka orodha za wanachama na maelezo ya mashahidi makao makuu kwa barua pepe. Wengi wetu hukusanya mafaili katika furushi moja la zip, tukaweka neno la siri, tukaridhika. Lakini kufuli ziko za aina mbili, na kwa nje hufanana. Tutazame jambo lililotupata.

Katibu wa tawi letu la madereva alituma furushi la zip lenye mafaili matatu: katiba ya chama, orodha ya wanachama wanaokatwa ada, na maelezo ya mtunza ghala juu ya saa za ziada zisizolipwa. Neno lake la siri lilikuwa na herufi ishirini. Kosa la kwanza ni kwamba alituma kwa barua pepe ya kazini. Juma lililofuata msimamizi alimwita mtunza ghala akamwuliza, "Hayo maelezo yako ya saa za ziada yanahusu nini?" Sisi tulidhani neno la siri limevunjwa. Kumbe hakuna aliyevunja kitu. Furushi la zip, hata likifungwa, huonyesha majina ya mafaili kwa kila anayelibofya, na faili lile liliitwa `maelezo_ya_mtunza_ghala_saa_za_ziada.docx`. Jina peke yake lilimtaja shahidi.

Hapo tukajiuliza swali la pili: je, yaliyomo ndani yalikuwa salama? Tulimwomba kijana mmoja anayejua kompyuta ajaribu kulifungua furushi lile bila kuambiwa neno la siri. Alilifungua mbele yetu.

Alifanyaje? Katika majina yale aliona faili la katiba. Katiba yetu si siri, tunaigawa kwa kila mwanachama, naye alikuwa na nakala ileile ya PDF. Akaifunga nakala yake katika zip bila neno la siri, kwa programu ileile aliyotumia katibu, ili ibanwe kwa namna moja. Kisha akalinganisha ukubwa. Kufuli ya zamani huongeza baiti 12 mbele ya kila faili, na katiba iliyofungwa ilizidi nakala yake kwa baiti 12 kamili. Akajua kwamba ni kitu kilekile. Akaipa programu moja ya bure vyote viwili, kilichofungwa na kilicho wazi, na baada ya dakika chache orodha ya wanachama ilikuwa mezani.

Ndugu msomaji, angalia vizuri: hakulipata neno la siri, wala hakulihitaji. Kufuli ya zamani, ambayo kompyuta huiita ZipCrypto, hulitumia neno la siri kutengeneza namba tatu tu, na kila faili lililofungwa kwa neno hilo huanza na namba hizo hizo. Mwenye kujua sehemu ya faili moja anaweza kurudi nyuma hadi kwenye namba zenyewe, na namba hizo hufungua mafaili yote yaliyobaki. Ni kama nyumba ya vyumba vitatu vyenye kitasa kimoja: ukimwachia mtu chumba cha maktaba, umempa na cha fedha. Udhaifu huu ulielezwa na wataalamu Biham na Kocher mwaka 1994. Programu za leo hutosheka na baiti 12 zinazojulikana. Kwa hiyo herufi ishirini za katibu wetu hazikusaidia kitu, na hata mia zisingesaidia.

Kufuli ya pili ni AES-256. Kwa kufuli hii, kuwa na nakala ya katiba hakumpi mtu njia ya kuingia kwenye orodha. Kinachombakia ni kubahatisha neno la siri. Na katika furushi la aina ya 7z, neno hilo husagwa zaidi ya mara 500,000 kabla halijawa ufunguo. Wewe mwenye neno sahihi unangoja kidogo tu, lakini anayebahatisha hulipa gharama hiyo kwa kila neno analojaribu.

Jinsi ya kufanya

Tunatumia programu ya bure iitwayo 7-Zip. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua `Add to archive`. Penye `Archive format` chagua `7z`. Andika neno la siri mara mbili, kisha weka alama penye `Encrypt file names`. Alama hii ndiyo inayoficha majina, na usipoiweka, jina la shahidi litaonekana kama lilivyoonekana kwetu. Anayetumia amri ataandika hivi:

```
7z a -t7z -mhe=on -p barua.7z orodha.xlsx maelezo.docx
```

Ikiwa anayepokea anaweza kufungua zip tu, chagua `zip`, lakini penye `Encryption method` ondoa `ZipCrypto` uweke `AES-256`. Usisahau, maana kwa zip programu hii huanza na ile ya zamani. Na kwa kuwa majina yatabaki wazi, yape mafaili majina yasiyosema kitu, kama `a1` na `a2`.

Jinsi ya kuhakikisha

Kabla ya kutuma, lifungue furushi lako mwenyewe. La 7z likionyesha majina kabla ya kuuliza neno la siri, ile alama hukuiweka, anza upya. Kwa zip, lifungue ndani ya 7-Zip utazame safu ya `Method`. Ukisoma `ZipCrypto`, usitume. Ukisoma `AES-256`, endelea.

Mipaka yake

Kwanza, kufuli imara haiokoi neno dhaifu. Jina la chama na mwaka litabahatishwa mapema. Chukua maneno sita yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kura na si kwa mapenzi yako. Pili, usiliandike neno hilo katika barua ileile, bali mwambie mwenzako kwa simu. Tatu, kichwa cha barua hakifungwi, basi usiandike "Ushahidi wa mtunza ghala". Nne, baadhi ya posta hukataa mafurushi zisizoweza kuyakagua, kwa hiyo ulizia kama limefika. Tano, anayelifungua kwenye kompyuta ya ofisi huweza kuacha nakala wazi humo. Alifungue kwenye mashine ya chama. Mwisho, neno likipotea, hakuna wa kukufungulia. Nakala ya asili ibaki tawini.

Mtunza ghala wetu alisimama na maelezo yake mpaka mwisho. Lakini uamuzi wa lini ajitokeze ulikuwa wake, na sisi tulimnyang'anya.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini neno refu la siri halikuilinda orodha ya wanachama?
2. Tawi limefunga picha ya nembo yake pamoja na mafaili ya siri kwa ZipCrypto. Hatari iko wapi?
3. Furushi ni zip yenye AES-256. Msimamizi akilipata, ataona nini, na hataona nini?