Barua ya Mkaguzi wa Hesabu: Elewa Kabla ya Kutia Sahihi

Chukulia mwenye kampuni ya kuuza mboga Mwanda amepokea barua ya makubaliano kutoka kwa mkaguzi wa hesabu. Sehemu mbili ndizo za kusoma polepole.

Ya kwanza ni mipaka ya kazi. Barua husema mkaguzi atatoa uhakika wa kiasi cha kuridhisha, si uhakika kamili. Katika risiti 900, huenda akapima 60 tu. Keshia akiuza bila kuandika risiti, ukaguzi unaweza kupita bila kugundua.

Ya pili ni wajibu wa wasimamizi. Kuandaa taarifa za hesabu, kuzuia wizi na makosa, na kumpa mkaguzi kila hati anayohitaji ni kazi ya kampuni. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 pia huwapa wakurugenzi jukumu la kuandaa taarifa hizo. Kumwajiri mkaguzi hakuliondoi.

Kwa hivyo, kulinganisha risiti na pesa taslimu na M-Pesa kila jioni kunabaki kwa mwenyewe. Akitaka keshia achunguzwe, kazi hiyo na malipo yake iandikwe kando, kabla ya sahihi.