Mteja Akidai Faili Asilia: Jinsi ya Kukadiria Bei na Kuandika Makubaliano

Vijana wengi katika kaunti hujipatia riziki kwa kubuni nembo, lebo, mabango na video. Kazi ikishakamilika na kulipiwa, mara nyingi simu hulia tena baada ya miezi michache: mteja anataka “ile faili yenyewe”. Hapo ndipo mzozo huanza. Mteja huona kwamba alikwisha kununua kila kitu, naye mbunifu huona kwamba anaombwa jikoni baada ya kuuza chakula.

Tuseme kikundi cha akina mama wafugaji nyuki huko Mwingi kilimlipa mbunifu shilingi 30,000 kwa nembo na lebo ya chupa ya asali ya gramu 500. Walipatana kwa simu, na mbunifu akakabidhi PDF ya kuchapisha pamoja na picha za mtandaoni. Baada ya miezi minane mwenyekiti anapiga simu: “Mwanangu, tunaomba ile faili ya kompyuta, ile inayofunguka na kubadilishwa.”

Jibu la kwanza lisiwe bei wala hapana. Liwe swali: “Ni ya kufanyia kazi gani, mama?” Mara nyingi kinachohitajika si faili asilia hata kidogo. Huenda mchapishaji mpya anataka PDF yenye ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande ili karatasi ikatwe vizuri. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na mbunifu mwenye busara huituma bila malipo. Lakini kama kikundi kinataka kuongeza chupa za gramu 250 na kilo 1, na kimepata kijana wa karibu wa kuzitengenezea lebo, basi faili asilia ndiyo inayotakiwa, na bei inafaa kuzungumzwa.

Kabla ya bei, sheria. Wabunifu wengi wamesoma mtandaoni kwamba haki zote hubaki kwa msanii hadi atakapozihamisha kwa maandishi. Hayo ni ya nchi nyingine. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mbunifu, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mbunifu wetu, ambaye hakuandika lolote, hawezi kumwambia mwenyekiti kwamba nembo ni yake. Hata hivyo, kifungu hicho kinazungumzia haki, si faili. Hakisemi kwamba mbunifu lazima atoe faili alizofanyia kazi, na walichopatana kukabidhi kilikuwa PDF na picha. Anachouza sasa ni faili na kazi ya kuiandaa, na ni vyema aseme hivyo waziwazi badala ya kutisha watu kwa hakimiliki asiyo nayo.

Wapo wanaotoza asilimia fulani ya bei ya awali. Ni rahisi, lakini mteja akiuliza “kwa nini asilimia hiyo?” hakuna jibu. Njia inayoeleweka ni kuhesabu mambo mawili.

La kwanza ni kazi ya kuandaa. Faili ya mbunifu huwa na tabaka zisizo na majina, rasimu zilizoachwa pembeni na picha zilizounganishwa kutoka folda nyingine. Ikitumwa hivyo, itafunguka kwa mteja ikiwa na mapengo. Katika Illustrator, amri ya `File > Package` hukusanya faili, picha na fonti katika folda moja. Baada ya kusafisha, folda hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine. Ujumbe kwamba fonti au picha haipatikani ukitokea, kazi haijaisha. Mbunifu wetu anakadiria saa 4 kwa shilingi 1,000 kwa saa, yaani 4,000.

La pili ni kazi ya baadaye anayoiacha. Lebo mpya angezitoza 5,000 kila moja, na anatarajia tatu kwa mwaka. Wengi hukosea hapa kwa kudai 15,000 zote. Lakini hatazifanya lebo hizo. Saa hizo atazitumia kwingine. Kila lebo ingemchukua saa 3, yaani 3,000, hivyo anachopoteza ni 2,000 kwa lebo, jumla 6,000. Bei ya kukabidhi inakuwa 10,000, na anaweza kuieleza kwa mwenyekiti mstari kwa mstari. Kama kweli hatarajii kazi nyingine kutoka kwao, sehemu hii ya pili iondolewe, wala isibuniwe.

Fonti ni suala la kipekee. Leseni nyingi za fonti zilizonunuliwa humruhusu mnunuzi pekee kuzitumia. Kuiweka ndani ya folda ya mteja kunaweza kuvunja leseni hiyo. Mbunifu amwandikie mteja jina la fonti na mahali pa kuinunua, kisha aongeze nakala ya pili ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa michoro kwa `Type > Create Outlines`. Nakala hiyo inachapika popote, ila maneno yake hayawezi tena kuhaririwa. Picha za kununuliwa nazo zina masharti yanayofanana.

Makubaliano hayahitaji kurasa nyingi. Barua ya ukurasa mmoja, iliyotiwa saini na pande zote mbili, inaweza kusema hivi:

“Mbunifu atakabidhi faili asilia za nembo na lebo ya gramu 500 ndani ya siku 5 baada ya kupokea shilingi 10,000. Rasimu zilizokataliwa hazimo. Fonti na picha zenye leseni ya mtu mwingine hazimo. Mteja atajinunulia leseni. Mteja anaweza kubadilisha faili hizi kwa matumizi ya biashara yake. Mbunifu hatawajibika kwa makosa yatakayotokana na mabadiliko yaliyofanywa na wengine. Msaada zaidi utatozwa kwa saa.”

Maneno “baada ya kupokea” yasiachwe. Faili ikishatumwa hairudi.

Wapiga video wana mzigo mwingine. Kamera inayorekodi kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 45 kwa saa, hivyo sherehe ya saa 6 ni gigabaiti 270. Mteja anayetaka picha zote ghafi alete diski yake au ailipie, pamoja na saa za kunakili. Mkataba utaje pia muda ambao picha ghafi zitahifadhiwa, kwa mfano siku 60, la sivyo mteja atazidai mwaka ujao zikiwa zimekwisha futwa.

Dawa ya haya yote ni mstari mmoja kwenye makadirio ya kwanza, kabla ya kazi kuanza: “Bei hii ni ya PDF ya kuchapisha na picha za mtandaoni. Faili asilia zinapatikana kwa nyongeza ya shilingi 10,000.” Baadhi ya wateja watailipa papo hapo. Anayetuma bei kwa zabuni ya umma asome masharti kwanza: kama yanadai faili zote zikabidhiwe, gharama hiyo iingizwe ndani ya bei ya zabuni, kwa sababu baada ya kutia saini hakuna pa kuidai.